Kupima Joto kwa Kipima-joto cha Kawaida: chini ya Paa, chini ya Mti, na juu ya Ardhi Tupu

Katika Ugogo mtama, uwele na karanga huvunwa kati ya Mei na Julai, na mbegu iliyochaguliwa haina budi kungoja ghalani mpaka mvua za Desemba. Miezi ya mwisho ya kungoja, yaani Oktoba na Novemba, ndiyo yenye joto kuliko yote katika mwaka. Zamani mbegu ilikaa ndani ya tembe, nyumba ile fupi yenye paa la bapa la miti na udongo mzito, ikatiwa katika kilindo pembeni mwa chumba. Siku hizi nyumba nyingi za Dodoma zimeezekwa kwa mabati, na watu huulizana: je, mbegu iwekwe chini ya bati, au chini ya nyasi, au irudishwe katika tembe? Na miche ya kitalu ipandwe wapi, kivulini mwa mwembe au mahali peupe? Kipima-joto cha bei ndogo chaweza kujibu maswali haya, kwa sharti kwamba mwenye kukisoma ajue chajibu swali lipi.

Neno la kwanza ni hili: kipima-joto hakijui joto la kitu kingine cho chote ila joto lake chenyewe. Kile kitumbo cha kioo kilicho chini, chenye zebaki au spiriti nyekundu, kikipata joto, maji yake huvimba na kupanda katika mrija; kikipoa, hushuka. Hayo tu. Sisi ndio tunaodhani kwamba joto la kile kitumbo ni sawa na joto la hewa iliyokizunguka. Kivulini penye upepo kidogo dhana hiyo ni ya kweli. Juani ni ya uongo, kwa kuwa kitumbo hupigwa na mionzi ya jua, nacho hupata joto kupita hewa, kama vile jiwe au mpini wa jembe ulioachwa juani upatavyo joto kupita hewa. Tena vipima-joto viwili vya namna mbalimbali vikitundikwa juani pamoja havitapatana, kwa sababu kimoja kina ubao wa nyuma mweusi na kingine mweupe, kimoja kina kitumbo kinene na kingine chembamba.

Kwa ajili hiyo wapimaji wa hali ya hewa hukiweka kipima-joto ndani ya sanduku jeupe lenye mbavu za kupitisha upepo, alilolitengeneza Thomas Stevenson, mhandisi wa Uskochi, katika mwaka wa 1864. Mkulima hahitaji sanduku hilo. Atwae vipande viwili vya ubao, kila kimoja upana wa mikono miwili, avipake chokaa, kisha avipachike kimoja juu ya kingine, akiacha nafasi ya vidole vitatu kati yao ili upepo upite. Hicho ndicho kipaa chake. Akitundike kipima-joto chini yake, pande zote zikiwa wazi, kwa urefu wa mita moja na nusu kutoka chini. Ubao wa juu huzuia jua. Ubao wa chini hukilinda kipima-joto na joto la ule wa juu. Asubuhi na jioni jua likiwa limeinama, aweke kipande kingine upande litokako jua, lakini asikizibe kipima-joto kikakosa hewa.

Sasa habari ya kununua. Kipima-joto cha hospitali hakifai: alama zake huanza karibu na digrii 35 na kukoma karibu na 42, na kile cha kioo kimefanyizwa makusudi kisishuke mpaka kikung'utwe. Chukua kile cha ukutani au cha maabara, chenye alama za Sentigredi. Kwa kupima hewa, alama za kufika 50 zatosha. Kwa kupima udongo ni lazima zifike 100, kwani ardhi tupu ya Novemba hupita 50 kwa urahisi, na spiriti isiyokuwa na mahali pa kupandia hupasua kioo. Nunua viwili, maana kazi yote iliyo mbele yetu ni ya kulinganisha mahali na mahali kwa saa ile ile. Anayekwenda na kipima-joto kimoja kutoka ghalani mpaka chini ya mwembe atakuta kwamba wakati amefika jua limekwisha kusogea.

Vipima-joto viwili vya duka moja aghalabu havipatani, basi kwanza vijaribiwe. Tia maji katika ndoo, vitumbukize vyote viwili, koroga maji pole pole kwa muda wa dakika tano, kisha visome bila kuvitoa. Tuseme kimoja, tukiite A, chasema 26.0, na cha pili, B, chasema 26.8. Rudia katika maji ya vuguvugu ya digrii kama 38, na hapa kile cha hospitali kitakusaidia, kwa sababu katika sehemu hiyo ndogo ni sahihi sana. Tuseme A chasema 38.0, B 38.8, na cha hospitali 38.0. Sasa twajua kwamba B huzidisha nane ya kumi ya digrii, nasi tutaipunguza kila tusomapo B. Ikiwa barafu yapatikana mjini, barafu iliyopondwa pamoja na maji yake hutoa digrii 0 kamili. Lakini mtu asijaribu kwa maji yachemkayo akidhani ni digrii 100. Kwanza atapasua kipima-joto cha alama 50. Tena Dodoma ipo juu ya bahari zaidi ya mita 1,100, na huko maji huchemka karibu na digrii 96.

Katika kusoma, jicho liwe sawa na kichwa cha uzi mwekundu. Ukitazama kutoka juu au kutoka chini utakosea digrii nzima. Soma upesi, usikipumulie, wala usikishike kwa mkono karibu na kitumbo. Soma kwanza zile sehemu za kumi, ndipo usome digrii nzima, kwa kuwa sehemu za kumi ndizo hugeuka upesi kwa joto la mwili wako. Kitumbo kiwe kikavu. Tone moja la maji likikauka juu yake humpoza, kama jasho lipozavyo ngozi, na kipimo kitakuwa cha uongo pasipo mtu kujua. Kila kipima-joto kikihamishwa kiachwe dakika kumi kabla ya kusomwa.

Tuanze na mti. Natoa tarakimu za mfano ili msomaji aone namna ya kuandika daftari na kufanya hesabu. Zafanana na zile zipatikanazo siku kavu isiyo na mawingu. Saa nane mchana A kimetundikwa chini ya kipaa chake mahali peupe, nacho chasema 31.6. B kipo chini ya mwembe mkubwa, kwa urefu ule ule, nacho chasema 30.8. Mtu asiyefanya jaribio la ndoo atasema mwembe umepunguza nane ya kumi tu. Tukiondoa kosa la B twapata 30.0, na tofauti ni digrii 1.6. Siku ya pili tubadilishane mahali: B mahali peupe chasema 32.8, yaani 32.0 kwa haki. A chini ya mwembe chasema 30.5, tofauti ni 1.5. Kubadilishana huku ni njia njema kuliko zote, kwa sababu hata yule ambaye hakujua kosa la B, akichukua tofauti zake mbili zisizosahihishwa, yaani 0.8 na 2.3, akazijumlisha na kuzigawa kwa mbili, atapata 1.55. Kosa limejifuta lenyewe.

Hapo wengi hushangaa. Mwembe mkubwa namna ile, ambao mtu akiingia chini yake huona raha mara moja, wapunguza joto digrii moja na nusu tu! Wengine hukataa, wakaenda kutundika kipima-joto juani pasipo kipaa, wakasoma 41, wakarudi wakisema mti umepunguza digrii kumi na moja. Wamepima joto la kioo. Hewa ni ile ile ipitayo na upepo kutoka uwanjani mpaka chini ya mti, nayo haikai huko muda wa kupoa sana. Ila raha ya kivuli ni ya kweli, na sababu yake ni kwamba mti umezuia mionzi ya jua isiipige ngozi, na umezuia ardhi isipate joto na kuturudishia. Ng'ombe wajua hivyo bila kipima-joto.

Kazi ya mti huonekana wazi tukishusha kipima-joto udongoni. Usikichomeke kwa nguvu: toboa kwanza tundu kwa kijiti, ulilaze kwa mshazari, ukiingize kipima-joto hata kitumbo kifunikwe na udongo wa unene wa sentimita moja, ukandamize udongo kidogo ili pasiwe na hewa kati yake. Kitumbo kikiachwa nusu nje, utapima jua tena. Ardhi tupu, kavu, iliyofagiliwa, saa nane mchana hupata digrii 50 na kupita. Chini ya mwembe, kwa kina kile kile, utapata karibu 28 au 30. Hapa tofauti ni ya digrii ishirini na zaidi, nayo ndiyo iuayo miche. Mche mchanga wa mti au wa mboga ukisimama katika udongo wa namna hiyo huungua shingoni, pale shina litokapo ardhini. Utaona mkanda mwembamba wa rangi ya kahawia ulionywea, kisha mche huanguka ingawa ulimwagiwa maji asubuhi. Watu husema ni mdudu. Mdudu huacha alama ya meno, au hukata upande mmoja. Joto hunywesha shina pande zote kwa usawa wa uso wa udongo. Kipima-joto kikisema zaidi ya 50 mahali hapo, huna haja ya kumtafuta mdudu.

Funika sehemu ya ardhi ile tupu kwa nyasi kavu unene wa vidole vinne, upime tena siku ya pili. Utaona joto la udongo limeshuka sana bila mti wo wote. Jambo hili lafaa kujulikana na yule asiye na mwembe. Na mwenye migunga tu asidanganyike na kivuli chake chepesi: jua hupenya kati ya majani na kutembea juu ya udongo, hata kipima-joto kimoja kikisomwa mara moja chaweza kuangukia doa la jua au doa la kivuli. Pima mahali patatu chini ya mgunga mmoja.

Sasa turudi kwenye ghala na mapaa yake. Hapa hatari kubwa ni kusoma mara moja tu. Soma mara tatu: alfajiri saa kumi na mbili, mchana saa nane, na usiku saa mbili. Sababu ni kwamba paa jepesi na paa zito hazifuati saa moja. Bati halina unene. Jua likitoka huwaka mara, likizama hupoa mara. Udongo wa tembe hunywa joto mchana kutwa, na joto lile hufika ndani jioni, wakati nje kumekwisha kupoa. Nyasi ni za namna ya tatu: haziweki joto jingi, lakini zimejaa hewa iliyotulia ndani yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi.

Tufanye mfano wa nyumba mbili, vipima-joto vikiwa kwa urefu wa magunia, mita moja kutoka chini, mbali na ukuta. Chumba cha bati kisicho na dari: alfajiri 20.5, mchana 34.0, usiku 25.0. Chumba cha tembe: alfajiri 25.0, mchana 28.5, usiku 28.0. Jumlisha na ugawe kwa tatu. Bati lapata 26.5, tembe yapata karibu 27.2. Basi kwa hesabu hiyo tembe ndiyo yenye joto zaidi! Na mwenye kulala humo Novemba hatabisha. Lakini mbegu haizeeki kwa wastani. Harrington, mtaalamu wa mbegu wa Marekani, alitoa kanuni itumikayo mpaka leo: kila digrii 5 zikishuka, maisha ya mbegu kavu huongezeka mara mbili, na kila 5 zikipanda, maisha hupungua nusu. Kwa hiyo saa chache za joto kali hula mbegu kuliko saa nyingi za baridi ziwezavyo kurudisha.

Tutumie kanuni ile. Mchana bati la mita moja kutoka chini limezidi tembe kwa 5.5, yaani mbegu yazeeka mara mbili na kidogo. Alfajiri tembe imezidi bati kwa 4.5, na mbegu ya tembe ndiyo inayozeeka karibu mara mbili. Hesabu zakaribia kulingana, na bati limeshindwa kidogo tu. Mtu mwenye magunia yake juu ya kichanja cha chini, katika chumba cha bati chenye madirisha, hana sababu ya kujenga tembe kwa ajili ya mbegu.

Lakini wengi hawaiweki mbegu chini. Huitundika juu, katika pao, ili panya wasiifikie, na desturi hiyo ilitoka katika nyumba za nyasi ambako haikuwa na madhara. Pandisha kipima-joto mahali pale pale panapotundikwa mbegu, shubiri moja chini ya bati. Hewa ya moto hupanda na kukaa huko, na bati lenyewe lamulika joto lake kwenda chini ingawa hatulioni likiwaka. Hapo mchana si ajabu kusoma 41. Tofauti na tembe ni 12.5, yaani mara mbili na nusu ya zile digrii 5: katika saa hizo mbegu yazeeka zaidi ya mara tano kuliko iliyo katika tembe, na baridi ya alfajiri hailipi deni hilo. Chumba ni kimoja, bati ni moja; tofauti ni mita mbili za kimo. Mbegu na ishushwe, na panya wazuiliwe kwa debe lenye kifuniko au kwa vikombe vya bati juu ya miguu ya kichanja.

Joto lile la kumulika laweza kupimwa peke yake. Daktari Vernon wa Uingereza, katika mwaka wa 1930, alieleza namna ya kupima kwa tufe la shaba lililopakwa rangi nyeusi, kipima-joto kikiwa katikati yake. Sisi tutumie kopo tupu la maziwa lenye kifuniko, lililopakwa masizi yaliyochanganywa na gundi, lising'ae. Toboa kifuniko, pitisha kipima-joto hata kitumbo kiwe katikati ya kopo bila kugusa pande. Litundike kando ya kipima-joto kitupu, ungoje dakika ishirini. Chini ya nyasi vyote viwili vitasema karibu sawa. Chini ya bati kopo litazidi, na kiasi cha kuzidi ndicho kiasi cha bati kumulika. Kopo dogo halifikii tufe la Vernon, kwa hiyo usilinganishe tarakimu zake na za vitabu. Linganisha kopo na kopo. Kwa njia hii waweza kuona kama kupaka chokaa juu ya bati kwafaa kitu: pima siku mbili kabla na siku mbili baada, saa nane, siku zisizo na mawingu. Bati jipya linalong'aa hurudisha jua jingi, ila joto lililokwisha kuingia hulishika. Chokaa hurudisha jua na tena huachilia joto. Bati la kutu ndilo baya kuliko yote.

Lipo jambo moja ambalo kipima-joto hakilisemi, nalo lahusu alfajiri. Usiku wa mbingu safi bati hupoa kupita hata hewa ya nje, kwa kuwa hutoa joto lake kuelekea mbinguni, na unyevu wa chumbani huganda chini yake kuwa matone. Matone hayo huangukia magunia. Mbegu hudhurika kwa unyevu kama idhurikavyo kwa joto: kanuni ya Harrington yasema pia kwamba kila sehemu moja katika mia ya unyevu ikipungua, maisha ya mbegu huongezeka mara mbili. Kwa hiyo unaposoma cha saa kumi na mbili, pitisha kiganja chini ya bati. Kikilowa, andika neno "tone" katika daftari kando ya tarakimu, na siku hiyo hiyo tandika mkeka au turubai juu ya magunia, pasipo kugusana nayo, ili matone yaishie huko.